Maji Yafike Kila Shimo: Mboga za Kwenye Gunia kwa Wapangaji wa Dodoma

(Hotuba ya afisa ugani kwa wakazi wa mtaa mmoja jijini Dodoma, iliyoandikwa upya kwa ajili ya wasomaji)

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wajumbe wa mashina, wazee wangu, mama zangu, vijana, mbukwenyi!

Mwenyekiti ameniomba niseme kwanza somo linahusu nini, ili mwenye haraka ajue kama abaki au aende sokoni. Somo ni mboga za majani kwenye gunia. Ni la mtu aliyepanga chumba kimoja au viwili, ambaye sehemu anayoweza kuiita yake ni pale mbele ya mlango tu, upana wa mkeka. Mazao ni manne: matembele, spinachi, sukuma wiki na mchicha. Hatua ni kuchanganya udongo, kujaza gunia na nguzo ya kokoto katikati, kusubiri udongo ushuke, kutoboa, kupanda, kumwagilia, kuchuma. Kinachohitajika ni gunia la kilo 50, ndoo tatu za mchanganyiko, kokoto kidogo na maji ambayo mengine mnayamwaga kila siku.

Kati ya hatua zote hizo, muda mwingi nitautumia kwenye maji. Mnajua mvua yetu. Inaanza kueleweka Desemba, ikifika Aprili imeshaaga, na baada ya hapo tunakaa miezi saba na vumbi na upepo. Magunia mengi niliyoyaona yakifa hapa Dodoma hayakuuawa na wadudu. Yalikuwa yanamwagiliwa, wengine asubuhi na jioni, lakini maji hayakuwa yanafika kwenye mizizi. Gunia si tuta. Tuta ukilimwagia, maji yanashuka kiganja kimoja na kazi imekwisha. Gunia lina kimo cha sentimita 70, mimea imening'inia ubavuni kuanzia chini hadi juu, na maji yote yanaingilia juu. Jinsi yatakavyogawanyika njiani ndilo jambo la kulipangia tangu siku unapoanza kuchanganya udongo.

Tuanze na gunia lenyewe. Chukueni salfeti iliyobeba mchele, sukari, sembe au pumba. Iliyobeba mbolea ya chumvichumvi au dawa ya shamba msiiguse, hata ikioshwa. Gunia la katani linapumua vizuri, lakini kwetu hapa mchwa watalila kabla hamjachuma mara ya pili. Salfeti nayo ina adui wake, jua. Baada ya msimu mmoja au miwili uzi wake unakatika ukiushika tu, kwa hiyo mwenye salfeti mbili avalishe moja juu ya nyingine.

Salfeti ya kilo 50 ikijaa inakuwa na upana wa sentimita 35 hivi. Inachukua lita 60 za udongo, yaani ndoo kubwa tatu za lita 20. Ndoo mbili ziwe za udongo wa juu, ule wa kiganja cha kwanza ambao majani yameozea, na ndoo moja ya samadi iliyooza. Mnaokaa kwenye udongo mwekundu wenye kichanga, uwiano huo unawatosha. Mnaokaa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi, ondoeni nusu ndoo ya udongo mweke mchanga mkavu wa korongoni. Udongo wa mbuga ukikauka ndani ya gunia hujikunja, unaachana na nguzo ya kokoto na unaachana na salfeti, halafu maji yote yanapita kwenye ule ufa yanatokea chini, na katikati kunabaki tofali.

Samadi hapa si shida, mkoa huu una ng'ombe na mbuzi wa kutosha. Shida ni samadi mbichi. Ichukueni, iloweni, ifunikeni, igeuzeni kila baada ya wiki mbili kwa miezi miwili au mitatu. Ingizeni mkono katikati ya lundo: kama kuna joto, bado. Inuseni: kama inachoma pua, bado. Iliyoiva inanuka kama udongo baada ya mvua ya kwanza, na huwezi tena kutambua mavi yalikuwa na umbo gani. Mkitumia mbichi, miche ya sukuma wiki itaungua mizizi ndani ya wiki ya kwanza na ninyi mtadhani ni kiu, mtaongeza maji, mtaiharibu zaidi.

Sasa hapa naomba mnisikilize kwa makini. Msijaze gunia kwa mchanganyiko mkavu. Samadi iliyokauka kabisa hukataa maji. Mwagieni kijiko cha maji samadi kavu mtaona yanasimama juu yake kama matone, hayazami. Gunia lililojazwa likiwa kavu litakuwa na mabonge ya namna hiyo ndani, na hamtayaona kamwe. Kwa hiyo tandazeni mchanganyiko chini, nyunyizieni maji, geuzeni kwa koleo, nyunyizieni tena, uacheni usiku kucha. Asubuhi chukueni ngumi moja mkaze. Ukishikamana na ukivunjika mkiugusa kwa kidole, uko tayari. Ukichuruzika maji, umezidi. Ukimwagika kama unga, rudini kwenye maji.

Halafu nguzo. Tafuteni kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, mafundi bomba wanavitupa, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Asiyepata, achukue kopo lililokatwa kitako. Kunjeni midomo ya gunia nje ili lisimame fupi, toboeni matundu matano madogo ya kutolea maji kitakoni, liwekeni juu ya matofali matatu au mawe bapa. Simamisheni bomba katikati. Ndani ya bomba tieni kokoto, nje ya bomba tieni udongo, kokoto na udongo vipande juu pamoja. Kila mkifika kiganja kimoja, gandamizeni udongo kwa ngumi, taratibu, halafu vuteni bomba juu kidogo, jazeni tena. Mkifika juu mnalitoa bomba lote, na nguzo ya kokoto inabaki imesimama katikati ya gunia. Juu acheni nafasi ya vidole vinne ili maji yasimwagikie nje.

Ukubwa wa kokoto ndio unaoamua mambo. Watu wanaokota mawe makubwa ya ngumi kwa sababu yanajaza upesi. Kati ya mawe makubwa kuna njia pana, maji yanapita mbio hadi kitakoni bila kugusa udongo wa juu. Chukueni kokoto ndogo, zile wanazoziita za nusu inchi, au chenga zinazobaki kwa wagonga kokoto. Ndoo ndogo isiyojaa inatosha gunia zima. Kitakoni kabisa, kabla ya kokoto ya kwanza, wekeni jiwe bapa au kipande cha kigae pana kuliko nguzo, ili maji yanayofika chini yapige hapo na kuenea pembeni badala ya kutoka moja kwa moja.

Gunia hilo likiloa lina karibu kilo 100. Kwa hiyo mnalijazia palepale litakapokaa, na mahali mnapachagua kabla. Tafuteni ukuta ambao gunia likikaa mbele yake litapata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nane mchana. Hapo ni upande wa mashariki wa nyumba. Tatizo ni kwamba upepo wetu nao unatoka hukohuko mashariki na kusini mashariki, na kati ya Julai na Oktoba unakausha gunia kuliko jua lenyewe. Mwenye ukuta wa mashariki akinge gunia kwa kipande cha turubai au makuti, hatua moja kutoka gunia, kimo cha magoti mawili tu. Jua lipite juu, upepo ukatike chini.

Likishajaa, mwagieni lita 15 kwa vipindi, kisha msipande. Najua mikono inawasha, lakini subirini wiki nzima. Udongo utashuka, mara nyingi kiganja kizima. Ongezeni mchanganyiko juu hadi urudi kwenye kimo chake, mwagieni tena. Mkitoboa na kupanda siku ileile ya kujaza, salfeti inabaki palepale ilipo lakini udongo unashuka na mizizi, na mche unaachwa shingo iking'ang'ania tundu huku mizizi imevutwa chini. Mche wa namna hiyo haufi upesi. Unadumaa tu, majani madogo, na mwenye gunia hajui kwa nini.

Kutoboa tumieni kisu kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa, nje, mbali na watoto, na moshi wa salfeti msiuvute. Kisu cha moto kinayeyusha ukingo wa salfeti na unaganda. Kisu baridi kinakata nyuzi, nyuzi zinafumuka, na baada ya mwezi tundu la vidole vitatu limekuwa dirisha, udongo unatoka kila mkimwagilia. Mkato uwe wa ulalo, upana wa vidole vitatu, mmoja tu. Mstari wa kwanza uwe shubiri moja kutoka chini, wa pili shubiri moja juu yake, wa tatu vivyo hivyo. Kila mstari matundu matano kuzunguka gunia, na mstari wa katikati upishane na wa chini ili mmea wa juu usimzibe wa chini yake. Hapo mna matundu kumi na tano, na juu kwenye mdomo kuna nafasi ya miche mitatu zaidi.

Kila zao lina mstari wake, na sababu ni maji yaleyale. Chini ndiko kunakobaki unyevu muda mrefu. Huko wekeni matembele. Ni mmea unaotambaa, utashuka kwenye matofali na kuendelea, na unapenda unyevu. Kateni ncha za mitambaa, kila kipande urefu wa shubiri moja na vifundo vitatu au vinne, viacheni kivulini siku moja vilegee, kisha vichomekeni kwa mshazari vifundo viwili vikiwa ndani ya udongo. Wiki nne hadi sita mnaanza kukata vichomozi.

Mstari wa katikati ni wa spinachi. Mbegu yake si mbegu moja, ni kifungu cha mbegu mbili tatu zilizoshikana, kwa hiyo iloweni usiku mmoja, mkiotesha mtaona miche miwili mitatu inatoka pamoja. Bakizeni mmoja wenye nguvu. Spinachi naipigia debe kwa Dodoma kwa sababu nyingine, nitaifikia kwenye chumvi.

Mstari wa juu na mdomo wa gunia ni wa sukuma wiki, kwa kuwa inarefuka na ikipandwa chini itafunika wenzake. Oteshea kwenye beseni bovu lililotobolewa, wiki nne hadi tano, mche ukiwa na majani manne halisi ndipo unahama, tena jioni. Kidole kinaingia kwenye mkato kikielekea chini kidogo, mizizi inafuata njia ya kidole, shingo ya mche inabaki sawa na salfeti, udongo unashindiliwa. Zibeni tundu kwa majani makavu kidogo yaliyokunjwa, maji yasitoke na udongo.

Mchicha mnausia juu kabisa, katikati ya sukuma wiki, siku ileile. Kabla sukuma wiki haijatanua majani, wiki ya tatu au ya nne, mchicha umeshang'olewa na kuliwa.

Sasa maji. Kwa gunia hili, miche ikiwa midogo, lita tatu kwa siku. Ikishakomaa na upepo wa Agosti unavuma, lita tano hadi sita, nusu alfajiri na nusu jua likizama. Msiyamimine yote kwa mpigo. Tieni kikombe kwenye nguzo ya kokoto, kingine kwenye udongo kuizunguka, subirini yazame, rudieni. Ni kazi ya dakika tano, na dakika tano hizo ndizo mboga zenyewe.

Kuna nyumba moja ya wapangaji kule Chang'ombe nilikoitwa kwa gunia lililokuwa linashangaza watu. Matembele ya chini yalikuwa yamenona, meusi kwa ukijani. Spinachi ya katikati ya wastani. Sukuma wiki ya juu majani yake yalikuwa yamelala kila siku, na mama mwenye gunia alikuwa ameshanunua dawa ya ukungu. Nilimwambia, "Mama, kabla ya dawa, mwagia kama unavyomwagia siku zote, nione." Akainua ndoo ndogo akamimina yote kwenye kokoto. Kabla hajaiweka ndoo chini, maji yalikuwa yanatoka kitakoni yanaelekea mferejini.

Tukachukua spoku ya baiskeli. Kila mwenye gunia awe nayo. Tukaichoma ubavuni karibu na tundu la chini, tukaihesabia pumzi chache, tukaichomoa: udongo umeganda juu yake, mweusi na baridi. Tukaichoma mstari wa katikati: udongo kidogo kwenye ncha. Tukaichoma mstari wa juu: ikatoka safi na vumbi. Hapo hakuna ugonjwa wa kutafuta. Tulipofukua juu tukakuta nguzo imejengwa kwa mawe ya ukubwa wa yai la kuku, na udongo wa juu, kiganja kizima, ni samadi iliyokauka.

Hatukuvunja gunia. Tulitoa mawe ya juu hadi kina cha shubiri moja, tukarudishia chenga za kokoto zilizochanganywa na mchanga wa korongo, hivyo mbio za maji zikapungua pale juu. Udongo wa mdomoni tukautekenya kwa kijiti, tukaumwagia kikombe baada ya kikombe hadi ukakubali kulowa, tukaufunika kwa nyasi kavu unene wa vidole viwili. Mwisho tukachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tukatoboa kizibo kwa sindano ya kushonea magunia, tukakata kitako, tukaisimamisha kichwa chini juu ya nguzo. Ukijaza chupa hiyo inachukua karibu saa nzima kuisha, tone baada ya tone, na udongo wa juu unapata muda wa kunywa. Sukuma wiki ikasimama, na ile dawa ya ukungu haikufunguliwa.

Mkitaka kujua kama mmea una kiu ya kweli, msiutazame saa nane mchana. Saa nane Dodoma hata mmea uliolowa hulegeza majani kujikinga. Utazameni alfajiri. Ukiwa umelala alfajiri, una kiu, au mizizi imeoza. Spoku itawaambia ni lipi kati ya hayo mawili. Ikitoka imelowa tepetepe na inanuka kama maji ya mtaro, matundu ya kitako yameziba. Inamisheni gunia kidogo, toboeni upya, pumzisheni maji siku mbili.

Kuna mama yangu pale nyuma ameinua mkono tangu zamani. Sema, mama.

"Bwana shamba, maji ya kisima chetu yana chumvi. Ukichemsha, sufuria inabaki nyeupe. Hayo yataotesha mboga?"

Ahsante, mama. Hilo ni swali la Dodoma hasa, visima vingi huku maji yake yana chumvi. Yataotesha, ila gunia halina pa kuitupa chumvi. Kila siku unamwaga maji, mmea unakunywa maji, upepo unachukua maji, chumvi inabaki ndani. Utaiona ikijitokeza kama unga mweupe kwenye salfeti, pembezoni mwa matundu na pale juu. Kwenye majani inaanza ukingoni: ukingo unakauka rangi ya kahawia, majani ya zamani kwanza, kisha unaingia ndani.

Fanya mambo matatu. La kwanza, chagua mmea. Spinachi ni ya ukoo wa bitiruti na inavumilia chumvi kuliko wenzake wote niliowataja, kwa hiyo mwenye maji ya namna hiyo apande spinachi mistari yote miwili ya juu. Vitunguu na maharage asijaribu. La pili, kila baada ya wiki mbili au tatu lioshe gunia. Siku hiyo mwagia lita 15 hadi 20 polepole, hadi maji mengi yatoke kitakoni, yatatoka na chumvi. Kama una maji ya bomba siku hiyo, tumia ya bomba. Mvua za Januari zinaifanya kazi hiyo bure, msilifunike gunia mvua ikinyesha. La tatu, usitie majivu kwenye udongo. Najua tumezoea, na kule wenzetu wenye udongo mchachu yanawasaidia. Kwetu maji ya namna hii yanaelekea kwenye magadi, na majivu ni magadi zaidi. Jani jipya la sukuma wiki litakuwa la njano na mishipa ya kijani, na samadi yote uliyoweka mmea hauwezi kuitumia vizuri. Majivu yamwage chini ya matofali, yazuie mchwa.

Kuhusu maji ya nyumbani: ya kusuuzia mchele, ya kuoshea mboga, ya kuloweka maharage, yote leteni kwenye gunia. Familia ya watu wanne watano inapata lita tatu nne kwa siku kwa njia hiyo, nusu au zaidi ya mahitaji ya gunia moja. Maji ya kufulia kwa sabuni ya unga hapana, sabuni hiyo ina chumvi na magadi, mnarudi kulekule. Maji ya vyombo yenye mafuta nayo hapana, yanaziba udongo.

Wadudu nitawapitia haraka. Vidukari kwenye sukuma wiki wanakaa chini ya jani, kijivu, wamekusanyika. Waoneni mapema, wapanguseni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya mche, jani lililojaa lichumeni mtupie kuku. Kiangazi kikali huja utitiri mwekundu, mnaona jani limekuwa na vidoadoa vya rangi ya vumbi na utando mwembamba chini yake. Huyo anapenda ukavu. Nyunyizieni maji safi chini ya majani asubuhi mfululizo wa siku kadhaa. Mkilazimika kutumia dawa ya dukani, kibandiko kinaeleza siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na siku hizo ziheshimiwe kwa sababu anayekula ni mtoto wako. Kuku na mbuzi nao wadudu, wanamaliza gunia kwa dakika kumi. Wavu wa dirisha mkuukuu unatosha.

Swali la mwisho nililoulizwa na kijana hapa mbele ni kama gunia moja linalisha nyumba. Nitamwambia ukweli. Sukuma wiki na spinachi mnachuma majani ya chini, mawili kwa kila mmea kwa wiki, mkibakiza matano sita juu ili mmea uendelee. Ukiwa na mimea kumi na tatu ya aina hizo mbili unapata majani ishirini na sita hivi kwa wiki. Hiyo ni mboga ya mlo mmoja kwa watu wanne. Matembele yakishatambaa yanaongeza mlo wa pili. Basi gunia moja ni milo miwili kwa wiki. Anayetaka mboga siku nyingi zaidi aanze na magunia matatu, yakipishana wiki tatu tatu, na ahesabu maji: lita 18 kwa siku mwezi wa Agosti. Kama mgao wa maji mtaani kwenu hauwezi kutoa hizo, bakini na gunia moja lililoshiba. Ni bora kuliko matatu yenye kiu.

Na liwe gunia moja au matatu, chukueni kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia kwenye mifuko, muandike kwenye salfeti upande wa kivulini: zao la kila mstari, tarehe ya kujaza, tarehe ya kupanda, samadi ya nani, maji ya bomba au ya kisima. Chini yake acheni nafasi ya kuandika siku mlipoliosha. Mkiniita nije nitazame gunia lililodumaa, hayo ndiyo nitakayoyauliza kwanza, na mara nyingi mwenyewe akiyasoma analijua jibu kabla sijashika spoku.

Gunia linadumu miezi sita hadi minane. Sukuma wiki ikianza kutoa majani madogo kileleni na shina limekuwa gumu kama mti, likateni salfeti, mwageni udongo kwenye turubai, toeni mizizi, okoteni kokoto mzioshe. Udongo uleule unarudi, mkiongeza nusu ndoo ya samadi iliyoiva, ila kwenye udongo huo msirudishie sukuma wiki, wekeni mchicha au matembele.

Mwenyekiti, nimeona vijana wameshaleta ndoo mbili za udongo na kipande cha bomba pale kwenye mwarobaini. Samadi niliyokuja nayo imeiva, ingizeni mikono muijaribu. Wale waliokuja na salfeti wasogee, tuchanganye udongo wa gunia la kwanza pamoja, tuuache ulale na unyevu, kesho asubuhi tulijaze. Maji ya kuloweshea yapo kwenye dumu la bluu.